Farasi wa tatu, hela hakuna: nani kala 15,000 ya rafiki yangu?

*Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni. Jumamosi nilibeti mbio za farasi za Uingereza kwa simu. Rafiki yangu tunayeuza naye pembeni hana akaunti, akanipa 10,000 nimwekee na yeye. Wote tukachagua E/W, 5,000. Cha kwanza kilichonishangaza, kila mkeka ulikata 10,000 badala ya 5,000.*

*Asubuhi mbio zilikuwa na farasi wanane, na skrini iliandika nafasi tatu zinalipwa. Wangu alikuwa na odi 7.50, akamaliza wa pili. Wa rafiki yangu odi 11.00, akamaliza wa tatu. Mimi nimeandikiwa 13,125 kabla ya kodi. Nilitegemea angalau nusu ya 37,500. Yeye kaandikiwa sifuri! Vijana wa kibanda cha kubeti wamempigia hesabu wakamwambia alistahili 15,000. Sasa anasema nimeila, na mbele za watu ananiita mwizi. Mjomba, hela iko wapi? Na hii E/W inafanyaje kazi?*

*Kijana wa Kirumba*

Marahaba mpwa wangu. Pole kwa kuitwa mwizi mbele ya wateja wako. Hukula hela ya mtu, na kwa maelezo yako kampuni nayo haijamdhulumu. Vijana wa kibandani hawakukosea kupiga hesabu, ila wamepiga hesabu ya mbio za farasi wanane, na ninavyoona mimi mbio hizo zilikimbiwa na saba.

Nimejuaje? Kwa hiyo 13,125 yako. Wangekimbia wanane ungeandikiwa 11,500. Kiasi ulicholipwa kinatoka kwenye masharti ya farasi saba, na kwenye masharti hayo wa tatu halipwi.

Twende taratibu, tuanze na ile 10,000 iliyokatwa. E/W ni madau mawili yanayolingana, yamewekwa kwa pamoja juu ya farasi mmoja. Dau la kwanza linasema farasi huyu atashinda. La pili linasema atamaliza kwenye nafasi zinazolipwa, na kushinda nako kunahesabika humo. Ukiandika 5,000 halafu ukabonyeza E/W, umeweka 5,000 ya kushinda na 5,000 ya nafasi, jumla 10,000. Kila dau linahukumiwa peke yake. Farasi akishinda, yote mawili yanalipa. Akiwa wa pili au wa tatu na nafasi hiyo inalipwa, dau la kushinda linakufa na la nafasi linalipa. Akimaliza nje ya nafasi, yote mawili yamekwenda.

Dau la kushinda linalipwa kwa odi kamili. La nafasi linalipwa kwa kipande cha odi, mara nyingi robo au moja ya tano. Ni kipande gani, na nafasi ngapi zinalipwa, vinategemea idadi ya farasi waliokimbia. Masharti ya kawaida ya Uingereza, ambayo kampuni nyingi zinayafuata, yako hivi: farasi wakiwa wanne au pungufu, hakuna malipo ya nafasi kabisa. Wakiwa watano hadi saba, zinalipwa nafasi mbili kwa robo ya odi. Wakifika wanane na kuendelea, zinalipwa nafasi tatu kwa moja ya tano.

Kuna mbio za aina moja zenye masharti yake, zinaitwa hendikapu. Humo farasi mwenye uwezo mkubwa anabebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Hendikapu ya farasi 12 hadi 15 inalipa nafasi tatu kwa robo, na ikifika farasi 16 au zaidi inalipa nafasi nne kwa robo. Chini ya 12 inafuata yale masharti ya kawaida.

Sasa rudia kuangalia pale kwenye saba na nane. Farasi mmoja akitoka kwenye mbio za wanane, nafasi ya tatu inafutika na kipande kinapanda kutoka moja ya tano hadi robo. Ndiyo maana mwenye farasi wa pili alinufaika na mwenye farasi wa tatu akabaki mikono mitupu, katika mbio hizo hizo, kwa sababu ya farasi ambaye hakuna kati yenu aliyemchagua.

Asubuhi skrini ilisema nafasi tatu, na haikusema uongo, kwa sababu asubuhi walikuwa wanane. Lakini idadi inayotumika kulipa ni ya farasi walioanza mbio. Kati ya asubuhi na kuanza mengi hutokea: mvua inanyesha na ardhi inalainika, mwenye farasi anaona haimfai farasi wake, daktari wa mifugo anamkuta anachechemea, mwingine anafika kwenye lango la kuanzia akakataa katakata kuingia na anaondolewa. Wote hao hawahesabiki. Anayehesabika ni aliyeanza, hata kama amemwangusha joki wake hatua chache tu baada ya kutoka langoni. Kwa hiyo mbio za wanane ambamo mmoja ameanguka njiani bado ni mbio za wanane, na wa tatu analipwa. Mmoja akiondolewa kabla ya kuanza, ni mbio za saba.

Sasa hesabu yako, maana naona umetegemea nusu na sijui nusu imetoka wapi. Odi yako ni 7.50. Kwenye skrini nyingine ungeikuta imeandikwa 13/2, na maana yake ni ile ile: ukiweka 2, faida ni 13, yaani faida ya 6.5 kwa kila shilingi. Ile 7.50 imejumlisha na shilingi yako inayorudi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua 7.50 nzima wanaigawa kwa nne, wanapata 1.875, wanazidisha kwa 5,000, wanapata 9,375, halafu wanashangaa kampuni imelipa tofauti. Kinachogawanywa ni faida peke yake. Kwa hiyo ondoa kwanza moja, ibaki 6.5. Gawa kwa nne, unapata 1.625. Rudisha ile moja, unapata 2.625, na hiyo ndiyo odi ya nafasi. Zidisha kwa 5,000:

```
(7.50 - 1) / 4 + 1 = 2.625
2.625 x 5,000 = 13,125
```

Dau lako la kushinda, 5,000, limekufa kwa sababu farasi hakuwa wa kwanza. Ulitoa 10,000, zimerudi 13,125, faida yako ni 3,125 kabla ya kodi. Ile 37,500 uliyokuwa unaiwaza ni malipo ya dau la kushinda peke yake, 5,000 mara 7.50. Angeshinda ungepata 37,500 na juu yake 13,125 ya nafasi, jumla 50,625.

Tukipiga kwa farasi wanane, tunagawa kwa tano badala ya nne. 6.5 gawa kwa tano ni 1.3, ongeza moja ni 2.3, mara 5,000 ni 11,500. Kwa hiyo yule farasi kutokukimbia kumekuongezea wewe 1,625.

Kwa rafiki yako, odi 11.00 ni faida ya 10 kwa kila shilingi. Kwa wanane, 10 gawa kwa tano ni 2, ongeza moja ni 3, mara 5,000 ni 15,000. Hiyo ndiyo waliyompigia vijana, na kwa farasi wanane ingekuwa sahihi kabisa. Kwa saba, farasi wa tatu hana nafasi, hivyo dau la kushinda na la nafasi yote yamepotea. Namwonea huruma, maana farasi wake alikimbia vizuri kuliko odi zake zilivyosema. Lakini hakuna mtu aliyemwibia.

Jambo moja zaidi kuhusu farasi anayeondolewa, maana siku nyingine litakukuta. Akiondoka farasi aliyekuwa na nafasi nzuri ya kushinda, waliobaki wanapata urahisi, kwa hiyo kampuni inakata sehemu ya faida ya wote walioweka dau kabla hajaondolewa. Kwenye mkeka utaona `Rule 4` au `R4`. Makato yanafuata odi za aliyeondoka: akiwa wa odi zaidi ya 15.00 hakatwi mtu, akiwa kati ya 11.00 na 15.00 ni asilimia 5 ya faida, na yanapanda kadiri farasi huyo alivyopewa nafasi ya kushinda, hadi asilimia 90 kwa yule ambaye karibu kila mtu alijua atashinda. Wewe hukukatwa, na hilo linanionyesha kwamba farasi aliyeondoka alikuwa wa odi kubwa. Kama angekuwa wa odi 12.00, faida ya dau lako la nafasi, ambayo ni 8,125, ingepungua kwa asilimia 5, yaani shilingi 406 na kitu, na ungeandikiwa kama 12,718. Makato hayo yanagusa faida tu, dau lako lenyewe halikatwi.

Sasa nikuambie kinachoniuma mimi kwenye hii E/W, na hukukiuliza. Watu wanaichukua kama bima: hata asiposhinda, nitapata chochote. Kupata chochote si kupata faida. Kumbuka dau la kushinda limekufa, kwa hiyo faida ya nafasi lazima kwanza izibe pengo hilo. Kwenye masharti ya moja ya tano, pengo linazibika kuanzia odi 6.00. Kwenye robo, kuanzia 5.00. Chini ya hapo, farasi wako akiingia nafasi bila kushinda, umepata hasara.

Chukua farasi wa odi 3.00 kwenye mbio za wanane. Faida yake ni 2. Gawa kwa tano ni 0.4, ongeza moja ni 1.4, mara 5,000 ni 7,000. Amekuwa wa pili, skrini imegeuka kijani, umeandikiwa 7,000, umefurahi. Lakini ulitoa 10,000. Umepoteza 3,000, ila kwa kuwa kuna hela imeingia kwenye simu huoni kama umepoteza. Fungua historia yako ya mikeka, upige hesabu ya kila E/W ya odi ndogo uliyowahi kuweka: kilichotoka na kilichorudi. Nakuomba ufanye hivyo kabla hujaweka nyingine, hasa kama hiyo 10,000 ilitoka kwenye hela ya kununulia mzigo.

Na kwa farasi wa odi kubwa sana tatizo linakuwa lingine. Odi 51.00 kwa robo inaonekana tamu, nafasi inalipa mara 13.5. Lakini odi hiyo imewekwa kwa sababu farasi huyo mara nyingi hafiki hata karibu na nafasi. Nionavyo mimi, E/W inaleta maana kwa farasi wa odi za kati, kwenye mbio ambamo mmoja anaonekana wazi kuwazidi wenzake. Wako anaweza asimpite huyo, lakini ana uwezo wa kuwazidi waliobaki. Hasa kwenye mbio za wanane kamili, kwa sababu watatu kati ya wanane wanalipwa. Ndiyo hizo hizo mbio ambazo farasi mmoja akiondoka zinageuka, kama zilivyogeuka kwa rafiki yako.

Kwa hiyo ukitaka nafasi ya tatu ihesabike, usiweke asubuhi kwenye mbio zenye farasi wanane. Subiri zikaribie kuanza. Mbio za Uingereza za saa nane na nusu mchana kwa saa ya kwao ni saa kumi na nusu jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao, kwa hiyo una muda wa kufunga biashara kwanza. Dakika kumi kabla, angalia orodha. Farasi aliyeondolewa ana alama ya `NR` pembeni ya jina lake, na namba yake inabaki pale pale, jambo linalowachanganya watu: namba 8 ipo, lakini wanaokimbia ni saba. Hesabu wasio na alama hiyo. Hasara ya kusubiri ni kwamba odi inaweza kuwa imeshuka. Farasi wako wa 7.50 unaweza kumkuta 6.00. Ukitaka usalama wa asubuhi, chagua mbio zenye farasi tisa au kumi, mmoja akiondoka nafasi tatu zinabaki.

Vivyo hivyo kwenye hendikapu, mbio za 16 zinalipa nafasi nne, zikibaki 15 zinalipa tatu.

Utaziona pia mbio kubwa kama Grand National ya Aintree, ambayo tangu mwaka 2024 inaruhusu farasi 34 wakati zamani walikuwa 40. Kwa masharti ya kawaida hizo ni nafasi nne kwa robo. Kampuni zinashindana kutangaza nafasi tano, sita au zaidi. Kabla hujakimbilia, soma kipande kilichoandikwa pembeni. Mara nyingi nafasi zikiongezwa, robo inageuka moja ya tano. Farasi wa odi 21.00 kwa robo analipa nafasi mara 6, kwa moja ya tano analipa mara 5. Kwenye dau la 5,000 hizo ni 30,000 dhidi ya 25,000. Akimaliza wa pili umepoteza 5,000 kwa ajili ya nafasi ya sita ambayo hukuihitaji. Akimaliza wa sita umepata 25,000 badala ya sifuri. Kwenye mbio za farasi wengi hivyo, ambamo wanaruka vizuizi na wengi hawamalizi, mimi ningechukua nafasi za ziada. Kwenye mbio ndogo ningechukua robo.

Na zile mbio za farasi wa kompyuta zinazochezwa kila dakika chache pale kibandani zina masharti yake zenyewe. Usizipigie hesabu hii kabla hujasoma ukurasa wake.

Sasa kuhusu rafiki yako. Usibishane naye mbele ya wateja. Mkae pembeni, ufungue mkeka wake kwenye historia, ubonyeze matokeo ya mbio hizo. Mwonyeshe mambo matatu: farasi mwenye alama ya `NR`, idadi ya waliokimbia, na mstari wa masharti uliotumika kulipa, ambao unapaswa kusomeka `1/4` na nafasi `1-2`. Kisha umpigie hesabu ya 13,125 kwenye mkeka wako, aone kwamba robo ndiyo iliyotumika kwako pia. Akiona mkeka wako na wake vimelipwa kwa mstari mmoja, ataelewa kwamba hukubadilisha kitu. Humdai wala hakudai. Ukitaka kumnunulia chakula kwa ajili ya urafiki ni hiari yako, lakini usimpe 15,000, kwa sababu ukimpa umekubali kwamba ulikuwa nayo. Na usimwekee mtu tena kwenye akaunti yako. Kampuni nyingi zinakataza kwenye masharti yao, na siku farasi wake akishinda kwa odi 51.00 halafu akaunti ikafungwa, hutakuwa na cha kumweleza.

Kama ukifungua matokeo ukakuta wameandika farasi wanane walioanza, basi mimi nimekosea kusoma na rafiki yako ana haki yake. Hapo piga picha ya skrini ya mkeka wake, ya matokeo yenye idadi ya farasi na ya masharti ya nafasi, uwaandikie huduma kwa wateja ukitaja namba ya mkeka. Wasipojibu, peleka picha hizo hizo na majibu yao kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni za kampuni hizi. Na kwenye mkeka wako pia utakuwa umezidishiwa 1,625, kwa hiyo jiandae, wakirekebisha wa rafiki yako watarekebisha na wako.